Kibali cha kazi Tanzania kwa mwombaji wa kutoka nje: afisa ajira anajibu, hatua kwa hatua

"Habari za kazi. Nimeona tangazo la msimamizi wa mitambo ya kugandisha samaki, Mwanza. Mimi ni Mkenya wa Kisumu, nina diploma ya uhandisi mitambo na miaka tisa kwenye majokofu ya amonia. Je, nina sifa ya kupata kibali cha kazi, au nisijisumbue kuomba?"

Maswali ya aina hii huja kwa wingi kila tukitangaza nafasi ya kitaalamu, kutoka Nairobi, Bujumbura, Lubumbashi, hata India. Sisi tunaoshughulika na ajira tuna kawaida mbaya ya kuyajibu kwa mstari mmoja: "nafasi ni ya Watanzania tu", au "usijali, kibali tutashughulikia". Jibu la kwanza mara nyingi si kweli. La pili huwa linampeleka mtu kuacha kazi kwao kwa ahadi ambayo aliyeitoa hana mamlaka nayo. Hapa nitamjibu fundi wa Kisumu kwa kirefu, kwa mpangilio uleule ninaoufuata mezani, na wewe uliye na swali kama lake ulinganishe na hali yako.

Hatua ya kwanza: jua kama unahitaji kibali

Kama huna uraia wa Tanzania na unataka kuajiriwa Tanzania Bara, unahitaji. Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Namba 1 ya mwaka 2015, na kwa sheria hiyo mwenye mamlaka ya kutoa kibali cha kazi ni Kamishna wa Kazi. Uhamiaji wanatoa kibali kingine, cha ukaazi, ambacho nitakifikia baadaye.

Ndugu zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ndio hujikwaa zaidi hapa. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na watu wengi walisikia "uhuru wa wafanyakazi kwenda popote" wakadhani kibali kimefutwa. Hakikufutwa. Kila nchi mwanachama iliorodhesha kada za kazi ilizokubali kuzifungua, na hata aliye kwenye kada hizo bado anaombewa kibali. Kugongewa muhuri pale Sirari au Namanga bila viza kunakuruhusu kuingia na kutembea. Ukikutwa kiwandani umevaa ovaroli, muhuri ule haukusaidii.

Makundi mawili zaidi hujisahau. La kwanza ni mwenza wa raia au wa mgeni mwenye kibali, aliyeingia kwa pasi ya mtegemezi: pasi hiyo inampa haki ya kukaa na familia yake, na akitaka kuajiriwa anaombewa kibali kama wengine. La pili ni wale wanaokwenda kufanya kazi Unguja au Pemba. Masuala ya kazi si ya Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina Kamisheni yake ya Kazi na vibali vyake. Kibali cha Bara hakikuruhusu kufanya kazi kwenye hoteli ya Nungwi.

Hatua ya pili: tambua daraja lako

Vibali vya kazi vina madaraja matano. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri. Daraja B ni la taaluma zilizotajwa na sheria yenyewe: wataalamu wa tiba na afya, wataalamu wa mafuta na gesi, na walimu wa sayansi na hisabati, wakiwemo wahadhiri wa vyuo vikuu. Daraja C ni la taaluma nyingine zote. Daraja D ni la waliosajiliwa kwa shughuli za dini na hisani, na E ni la wakimbizi.

Fundi wetu wa amonia yuko daraja C, na wengi wanaoniandikia wako hapohapo. Hilo si kosa, ila ujue maana yake. Kwenye daraja B serikali yenyewe imeshataja kada inazozihitaji. Kwenye daraja C mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kueleza kwa nini kazi hii isifanywe na Mtanzania. Kwa hiyo mwalimu wa fizikia kutoka Kampala na afisa masoko kutoka Kampala hawako kwenye foleni moja, hata kama wana shahada za chuo kimoja na alama zilezile.

Kabla sijaendelea, jambo dogo la pembeni. Mwaka 2025 ilitoka amri ya kuzuia wasio raia kuendesha aina 15 za biashara, zikiwemo saluni, ukarabati wa simu na kutembeza watalii. Amri ile inahusu leseni za biashara, na haikubadilisha madaraja ya vibali vya ajira. Tangu itoke napata barua za wahandisi wanaouliza kama wamepigwa marufuku. Hapana. Lakini kama mpango wako ulikuwa kuajiriwa kwanza, kisha ufungue saluni pembeni, usahau.

Hatua ya tatu: pima nafasi kabla ya kujipima wewe

Mwombaji anauliza "je, nina sifa?", naye ofisa anayelisoma ombi anaanza kwa kuuliza kama nafasi yenyewe inahitaji mgeni. Kibali kinatolewa kwa mtu fulani, kwa mwajiri fulani, kwa cheo fulani. Huwezi kujiombea ukae nacho mfukoni ukitafuta kazi, na ukihama mwajiri hakikufuati. Sheria inataka Kamishna aridhike kwamba juhudi zote zimefanyika kumpata mtaalamu wa ndani na hakupatikana. Cheti chako kizuri hakijibu hoja hiyo. Inajibiwa na mwajiri.

Ndiyo maana mimi, kabla sijamwambia fundi wa Kisumu aombe au asiombe, nilirudi kwa mwajiri na kumbana kwa maswali. Tangazo lilikaa wapi na kwa muda gani? Waliomba Watanzania wangapi, na kila mmoja alikosa nini? Nani atarithishwa ujuzi? Mwajiri akishindwa kuyajibu mbele yangu, hatayaweza mbele ya Kamishna.

Swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko wanavyodhani wengi. Sheria inamtaka mwajiri awe na mpango wa urithishaji: Mtanzania anayejulikana ambaye atafundishwa na mgeni hadi aishike kazi. Waajiri wengi huuandika kwa sentensi moja ya juu juu, "kampuni itawajengea uwezo wafanyakazi wazawa". Hiyo haimwonyeshi ofisa chochote. Kwa nafasi ya Mwanza tuliuandika hivi:

Mrithi ni fundi msaidizi aliyepo kiwandani, mwenye stashahada ya ufundi wa majokofu. Mwezi wa 1 hadi wa 6 anajifunza kusoma presha na joto la kompresa, kutoa mafuta yaliyokusanyika kwenye mfumo, na kutambua uvujaji wa amonia. Mwezi wa 7 hadi wa 15 anaendesha zamu ya usiku chini ya uangalizi na kuongoza matengenezo ya pampu na valvu. Mwezi wa 16 hadi wa 24 anasimamia mitambo yote, mgeni akibaki kumkagua. Kila mwisho wa kipindi kuna tathmini inayosainiwa na meneja wa kiwanda.

Ofisa akisoma maneno hayo anaona kazi yenye hatari ya kweli, maana amonia ikivuja kwenye chumba kilichofungwa inaua, na anaona siku ambayo mgeni hatahitajika tena. Nawe mwombaji una haki ya kuuliza kwenye usaili: "Mrithi wangu ni nani?" Ukiona mwajiri anatazama dari, umeshajua ombi lako limesimama wapi.

Kuna nafasi ambazo sitakupa matumaini hata ukiwa na vyeti vya ukutani vinne: dereva, mpokezi, katibu muhtasi, mhasibu msaidizi, afisa rasilimali watu wa kawaida. Watanzania wenye sifa hizo wamejaa, na hakuna maelezo yatakayomfanya Kamishna aamini walikosekana. Nafasi za lugha ziko katikati. Mpokezi wa hoteli anayezungumza Kichina au Kirusi kwa ufasaha anaweza kutetewa, ila mwajiri aonyeshe wageni wake wengi wanatoka wapi.

Hatua ya nne: karatasi zako ziseme jambo moja

Sasa tuje upande wako. Utatakiwa kutoa pasi ya kusafiria yenye muda wa kutosha, picha za pasipoti, wasifu, vyeti vya elimu na taaluma vilivyothibitishwa, barua za waajiri wa zamani, na mkataba wa ajira uliosainiwa pamoja na maelezo ya kazi. Vyeti vya Kifaransa, kwa mnaotoka Burundi au Kongo, vitafsiriwe kwa Kiingereza au Kiswahili na mfasiri anayetambulika kabla havijafika kwetu. Mwajiri naye ana rundo lake: usajili wa kampuni, leseni, namba ya mlipakodi na uthibitisho wa kodi, barua ya maombi na mpango wa urithishaji.

Kukosa karatasi si tatizo kubwa, maana utaambiwa uilete. Kinachoharibu ni karatasi zinazopingana. Wasifu wa fundi wetu ulisema "Meneja wa Ufundi, 2016 hadi 2021". Barua ya mwajiri wake wa zamani ilisema "Fundi wa Majokofu, Machi 2017 hadi Novemba 2021". Rasimu ya mkataba wa Mwanza ilisema "Mhandisi Msimamizi". Vyeo vitatu kwa mtu mmoja, na miezi zaidi ya kumi haijulikani imeenda wapi. Nilimpigia simu.

"Kaka, mwaka 2016 ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwenye kibarua tu, hapa na pale. Niliona nikiiacha wazi itaonekana vibaya."

"Iache wazi, au andika kibarua. Na huo umeneja?"

"Mafundi wote walikuwa wananiita meneja."

Tulirekebisha. Wasifu ukafuata barua, na cheo kwenye mkataba kikawa "Msimamizi wa Mitambo ya Kugandisha", sawa na tangazo na sawa na maelezo ya kazi. Neno "Mhandisi" tulilitoa kwa sababu nyingine kabisa. Uhandisi Tanzania ni taaluma yenye bodi, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mtu akiitwa mhandisi kwenye mkataba ataulizwa usajili. Mhasibu ataulizwa wa NBAA, yaani bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, daktari wa Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kama taaluma yako ina bodi, anza nayo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu hapo ndipo siku zinakopotelea. Mwenye diploma ya ufundi aliyebandikwa jina la mhandisi kwa kupendezesha mkataba anatengenezewa pingamizi ambalo halikuwepo.

Ukitaka kujikagua, weka mezani tangazo, wasifu, barua za uzoefu, mkataba na maelezo ya kazi, usome cheo na tarehe tu, usisome kingine. Vikitofautiana, sahihisha kabla hujatuma.

Hatua ya tano: ombi linapelekwa na nani, ukiwa wapi

Mwajiri ndiye anayeomba, kwa mfumo wa mtandao wa Ofisi ya Waziri Mkuu unaoshughulikia kazi na ajira, na anatakiwa kufanya hivyo wewe ukiwa bado kwenu. Wakala wa ajira kama sisi tunamtafuta mtu, tunaandaa, tunashauri. Jina linaloandikwa kwenye kibali kama mwajiri ni la kiwanda. Wakala akikuambia kibali kitatoka kwa jina lake na kazi utapelekwa kwingine, ondoka.

Ada ya serikali inalipwa kwa namba maalum ya malipo inayotolewa na mfumo, ile ambayo wengi huita kontrol namba. Haitumwi kwenye simu ya mtu. Nani aibebe ada hiyo ni suala la makubaliano kati yako na mwajiri, na ushauri wangu ni liandikwe kwenye mkataba. Waajiri makini huilipa wenyewe. Mtu anayekuomba hela ya kibali kabla hujafanyiwa usaili wala kuona mkataba hawezi kuwa anakuombea kibali, kwa sababu ombi haliwezi hata kufunguliwa bila mwajiri na mkataba huo.

Kwa wana Jumuiya, kanuni za wafanyakazi zilizoambatana na Itifaki zinasema mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe. Kwa hiyo usisaini mkataba Januari ukauweka kabatini ukingoja pasi mpya mwezi wa nne. Pasi kwanza, sahihi baadaye.

Mkataba wenyewe uwe na kifungu kinachosema ajira inaanza pale vibali vitakapotoka. Kifungu hiki kinawalinda wote wawili, na kinakupa jibu la swali ambalo huulizwa kila mara: "Niache kazi lini?" Andika barua ya kuacha kazi baada ya kibali kutoka, kamwe si baada ya kuambiwa umefaulu usaili. Kwa fundi wa Kisumu tuliweka mwanya wa mwezi mmoja kati ya kibali na siku ya kuripoti, ili atoe notisi kwa heshima huko alipo.

Hatua ya sita: kibali cha kazi mkononi, bado kimoja

Hapa watu hushangilia mapema. Kibali cha kazi kikitoka, ombi linahamia Idara ya Uhamiaji kwa kibali cha ukaazi, ambacho kwa mwajiriwa ni Daraja B. Majina haya huchanganya: fundi wetu ana kibali cha kazi daraja C na kibali cha ukaazi daraja B, na vyote viwili ni sahihi. Mwenye kimoja tu hajakamilika. Na kila kimoja kina ada yake, kwa hiyo mwajiri aliyebajeti moja atashtuka njiani.

Kibali cha kazi kinatolewa kwa miezi 24 na kinaweza kuhuishwa. Jumla ya muda wote ilikuwa isizidi miaka 5; marekebisho ya mwaka 2021 yaliisogeza hadi miaka 8. Wakati wa kuhuisha, mpango wa urithishaji hurudi mezani. Kama miaka miwili imepita na mrithi bado anashika tochi tu, ofisa atauliza, na atakuwa na haki.

Sentensi ya kukimbia

"Wewe njoo kwanza kama mtalii, anza kazi, kibali kitafuata." Nimeisikia kwa waajiri wakubwa na wadogo, na mara nyingi wanaisema kwa nia njema, mtambo umesimama na samaki wanaharibika. Kwako ni hatari tupu. Kufanya kazi bila kibali ni kosa la jinai kwa mgeni na kwa mwajiri, kuna faini na kifungo, na wewe ndiye utakayeondolewa nchini. Tena mahakama zimeshatamka kwamba mkataba wa mgeni asiye na kibali hauna nguvu, maana yake mwajiri akikukatia mshahara miezi mitatu utakosa pa kushika. Kama dharura ipo kweli, ipo njia halali ya kibali cha muda mfupi kwa kazi maalum. Mwajiri aiombe hiyo, kwa kazi hiyo, kwa muda huo.

Ombi likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Sheria inampa asiyeridhika nafasi ya kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi. Kwa maoni yangu rufaa ina maana pale tu ambapo kuna jambo ofisa hakuliona au alilielewa vibaya. Kama sababu ni kwamba Watanzania wenye ujuzi huo wapo, na kweli wapo, usimwache mwajiri akuzungushe miezi kwa jina la rufaa.

Jibu nililomtumia

"Kaka, asante kwa barua yako. Uraia wako haukuzuii kuomba nafasi hii. Kwa kuwa si Mtanzania, ukichaguliwa mwajiri atakuombea kibali cha kazi daraja C, kisha kibali cha ukaazi. Mwajiri amethibitisha yuko tayari kuomba, na nafasi ilitangazwa kwanza ndani ya nchi bila kumpata mwenye uzoefu wa amonia. Uamuzi wa mwisho ni wa Kamishna wa Kazi. Mimi wala mwajiri hatuwezi kukuahidi. Ukifaulu usaili tutahitaji pasi yako, diploma iliyothibitishwa, na barua za waajiri zenye cheo na tarehe kamili. Usiache kazi uliyo nayo hadi nikuandikie kwamba vibali vimetoka, na usimlipe mtu yeyote chochote kwa jina letu."

Ukipata jibu fupi kuliko hili kutoka kwa afisa ajira yeyote, mrudishie maswali matatu: kibali kitakuwa daraja gani, nani ataomba kwa jina la kampuni ipi, na mkataba unaanza kabla au baada ya kibali. Fundi wetu aliuliza la nne ambalo sikulitarajia: akipandishwa cheo mwaka wa pili kuwa meneja wa kiwanda, kibali kilekile kitatosha? Hakitoshi. Cheo kikibadilika, mwajiri anarudi kwa Kamishna na ombi jipya kabla hajambadilishia meza.